Vyumba 60, watu wanne: mbona hesabu inatimia lakini kazi haiishi?

"Nina hoteli ya vyumba 60. Kila chumba kinachukua kama nusu saa, na zamu inaanza saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Nikigawa napata watu wanne. Mbona kila mchana wageni wanafika vyumba havijawa tayari?"

Kwa sababu umegawa dakika za siku nzima, na kazi yako nzito haina siku nzima. Ina saa tatu tu: kuanzia saa tano asubuhi, mgeni wa jana anaporudisha ufunguo, hadi saa nane mchana, mgeni wa leo anapoutaka. Idadi ya watu inaamuliwa na saa hizo tatu. Dakika zilizobaki asubuhi na jioni hata zikiwa nyingi kiasi gani hazikusaidii.

Tuanze na hiyo nusu saa, maana ndimo hesabu inapoanzia kupinda. Nusu saa ni wastani wa vyumba visivyofanana. Kuna chumba ambacho mgeni anaondoka, kuna ambacho mgeni bado yupo, na kuna ambacho hakikulaliwa. Cha mgeni anayebaki unatandika kitanda, unabadilisha taulo, unasafisha bafu, unatoa taka, unafagia. Ambacho hakikulaliwa unapitia tu kuangalia vumbi na kama maji yanatoka. Kazi kamili iko kwenye chumba cha anayeondoka.

Mtazame mhudumu mmoja akiwa humo. Anagonga, anafungua mlango, anafungua dirisha, anatoa taka, anavua shuka na foronya zote. Kabla hajagusa kitanda anaingia bafuni, ananyunyizia dawa chooni, kwenye sinki na kwenye kuta, kisha anatoka na kuiacha. Dawa inahitaji dakika kadhaa ikiwa bado imelowana ndipo iue vijidudu na kulegeza uchafu. Ukiinyunyiza na kuifuta papo hapo, umeipoteza. Dakika hizo ndizo anazotandikia kitanda. Kisha anarudi kusugua bafu, anafuta vumbi kutoka juu kwenda chini, anapanga taulo na sabuni, na mwisho anapiga deki akirudi kinyumenyume hadi mlangoni. Hakuna hatua hapo ya kuruka bila mgeni kuiona.

Muda wa kazi hiyo upimwe mlango hadi mlango: tangu anapofungua chumba hiki hadi anapofungua kinachofuata. Hapo ndani kuna kusukuma kigari, kurudi stoo kwa foronya iliyopungua, kusubiri lifti na kuandika kwenye karatasi. Wengi wanapima kazi ya ndani ya chumba peke yake, tena wanampima mhudumu hodari kuliko wote, tena wakiwa wamesimama mlangoni wanamwangalia. Wanapata namba ambayo hata yeye hawezi kuirudia kesho. Mimi napenda kuchukua karatasi za wiki nzima za mhudumu wa kawaida, mwenye kasi ya katikati, bila kumsimamia.

Tuseme umepima hivyo ukapata dakika 40 kwa chumba cha anayeondoka, 20 kwa cha anayebaki, na 5 kwa ambacho hakikulaliwa. Leo vyumba 24 vinaondokwa, na vyote vina wageni wapya wanaoingia leo hii. Vyumba 30 wageni wanabaki. Sita havikulaliwa. Ukizidisha: 24 mara 40 ni dakika 960, 30 mara 20 ni 600, sita mara tano ni 30. Jumla ni dakika 1,590, chini hata ya 1,800 ulizopata kwa nusu saa yako. Kwa hiyo kosa haliko kwenye jumla.

Sasa upande wa watu. Zamu ina dakika 480, lakini toa 20 za asubuhi za kugawana vyumba na kupakia kigari, 30 za chakula, mapumziko mawili ya dakika kumi kumi, na 20 za mwisho za kurudisha kigari na kupeleka shuka chafu kufuliwa. Zinabaki dakika 390 za kusafisha. Gawa 1,590 kwa 390 unapata watu wanne na kijisehemu kidogo sana. Hapo ndipo msimamizi anaposema wanne wanatosha, watajikaza kidogo, na kwa kweli ukiangalia jumla peke yake humlaumu.

Lakini panga dakika hizo 390 kwenye saa ya ukutani. Kabla ya saa tano, ukishatoa maandalizi na pumziko moja, kila mtu ana dakika 150. Kati ya saa tano na saa nane ana 180, ukikubali chakula kisogezwe hadi baada ya saa nane. Baada ya chakula zinamsalia 60. Chumba cha anayeondoka kinaingia kwenye zile 180 tu, na 180 ukigawa kwa 40 unapata vyumba vinne na nusu.

Hiyo nusu haipo. Chumba kilichosafishwa nusu ni chumba kichafu, na mgeni hawezi kuingia. Kwa hiyo kila mtu anamaliza vyumba vinne, na watu wanne wanamaliza 16. Ulikuwa unahitaji 24. Wageni wa vyumba vinane wanakaa mapokezi na mizigo yao, na wahudumu hawajakaa hata dakika moja. Ukiruhusu chakula katikati ya saa hizo, dakika zinashuka hadi 150, vyumba vinakuwa vitatu kwa kila mtu, na wageni wa vyumba 12 wanasubiri.

Hii ndiyo sababu ya kugawa kwa mtu mmoja kwanza, ukatupa kijisehemu, ndipo uzidishe kwa idadi ya watu. Ukikusanya dakika za wote, watu wanne wanakuonyesha vyumba 18 katika dirisha hilo la saa tatu, kwa sababu vipande vinne vya nusu vinajumlishwa kana kwamba vinaweza kuungana. Dakika 20 zilizobaki kwa kila mmoja haziungani kutengeneza chumba. Zinatosha chumba kimoja cha anayebaki, basi.

Je, uajiri watu sita, ili 24 vigawanyike vinne vinne? Usiharakishe. Waulize mapokezi ni wangapi wanaondoka mapema. Mwenye safari ya alfajiri anakuwa ameshatoka kabla zamu haijaanza. Tuseme leo wako sita. Vyumba vyao vinasafishwa asubuhi, nje ya dirisha, na ndani ya dirisha vinabaki 18. Sasa 18 kwa vinne ni watu watano. Orodha hiyo ya mapokezi ikimfikia msimamizi saa mbili kasoro badala ya saa nne, imekuokolea mtu mmoja mzima.

Na huyo wa tano si lazima awe wa zamu nzima. Hebu tupange siku. Asubuhi watu wanne wa zamu wana dakika 150 kila mmoja. Wawili wanachukua vyumba viwili vya walioondoka mapema na vitatu vya wanaobaki. Wawili wengine wanachukua kimoja cha aliyeondoka na vitano vya wanaobaki. Kila mmoja ametumia dakika 140. Vyote sita vya mapema vimekwisha, na 16 vya wanaobaki pia. Saa tano anaingia mtu wa tano, wa saa tatu tu. Kigari chake kiwe kimeshapakiwa, maana akianza kupakia mwenyewe dakika 20 zake zimekwenda, na chumba cha nne anakimaliza saa nane kamili bila hata dakika moja ya akiba. Watatu kati yao wanasafisha vinne vinne, wawili vitatu vitatu, jumla 18. Wale wawili wanabaki na saa nzima kila mmoja, na hapo wanapitia vile sita visivyolaliwa na kufanya vichache vya wanaobaki. Vilivyosalia vinamalizwa baada ya chakula, pamoja na vile vilivyotundikwa mlangoni alama ya kutosumbuliwa asubuhi. Udhaifu wa mpango huu ni kwamba wageni wachache wanaobaki watasafishiwa alasiri, na si kila mtu anapenda. Ukiona wengi wananung'unika, huyo wa tano mlete asubuhi na mapema.

Kuna wanaopendekeza wahudumu wafanye wawili wawili, mmoja bafuni, mmoja kitandani. Kwenye karatasi ni nzuri: chumba kinakuwa dakika 20, na dakika 180 zinagawanyika mara tisa bila kubaki kitu, kwa hiyo jozi mbili zinamaliza 18. Lakini bafu na kitanda havimalizwi kwa muda mmoja, na anayewahi anamsubiri mwenzake. Chumba kikichukua dakika 21 badala ya 20, jozi inashuka kutoka vyumba tisa hadi vinane.

Jambo hilo la kushuka ghafla ndilo ningependa msimamizi yeyote alishike. Rudi kwa mhudumu mmoja na dakika zake 180. Akitumia 40 kwa chumba anafanya vinne. Akitumia 43, bado vinne. Akitumia 45, vinne kamili, na hakuna aliyegundua kwamba ameongeza dakika tano. Akitumia 46, ni vitatu. Dakika moja imekula chumba kizima, na kwa watu watano umetoka vyumba 20 hadi 15 siku hiyo hiyo. Ndiyo maana ratiba inaweza kwenda vizuri miezi kadhaa kisha ikaanguka wiki moja bila mtu kubadilisha chochote.

Mara nyingi kilichobadilika ni shuka. Dobi amechelewa, stoo imeishiwa mchana, na mhudumu anasimama kwenye korido akisubiri. Utajua kwa kuangalia karatasi zake: aandike saa ya kuingia na saa ya kutoka kwa kila chumba. Kama muda wa ndani ni ule ule lakini nafasi kati ya kutoka chumba kimoja na kuingia kingine imeongezeka kuanzia saa sita, tatizo liko stoo. Kama muda wa ndani wenyewe unaongezeka kuanzia chumba cha tatu, ni uchovu, au asubuhi amepewa vyumba vizito mno. Na kama muda wa ndani unapungua mno kwenye chumba cha nne, ingia humo mwenyewe, pitisha kidole juu ya fremu ya mlango, na uangalie kwenye tundu la maji bafuni.