"Hatapewa isipokuwa…": kanuni ya kikundi inaposomeka mara mbili

Dhana: Katiba ya kikundi cha akiba ikisema "Mwanachama hatapewa mkopo isipokuwa awe amemaliza deni la awali", basi aliyemaliza deni ni lazima apewe.

Ukweli: Sentensi hiyo inamzuia mwenye deni, basi. Kuhusu aliyemaliza, imekaa kimya. Mwanachama anaisoma kama ahadi. Mweka hazina anaisoma kama sharti la kuanzia, na kamati bado ina hiari ya kukataa. Wote wawili wanayo haki ya kusoma hivyo, ndiyo maana ugomvi wake hauishi. Andika lile mnalokusudia: "akimaliza deni atapewa", au "akimaliza deni anaweza kuomba, na kamati itaamua".

Dhana: Ukirundika masharti baada ya "isipokuwa", umeziba mianya yote.

Ukweli: Mara nyingi ndipo mwanya unapofunguka. Chukua hii: "Hatapewa mkopo isipokuwa awe amemaliza deni la awali au ana wadhamini wawili na amehudhuria vikao vitatu vya mwisho." Je, mahudhurio yanamhusu kila mwombaji, au yule mwenye wadhamini peke yake?

Njia ninayoiamini ni kumpitisha mtu wa mfano kwenye kanuni. Tuseme mama mmoja amemaliza deni, hana mdhamini, na alikosa kikao cha mwezi uliopita. Kwa usomaji wa kwanza ananyimwa. Kwa wa pili hazuiwi. Mtu mmoja akipata majibu mawili, kanuni ivunjwe na kuandikwa upya:

Mwanachama anaweza kuomba mkopo akitimiza yote mawili:
(a) amehudhuria vikao vitatu vya mwisho, na
(b) amemaliza deni la awali, au ana wadhamini wawili.

Sasa "au" imebaki ndani ya (b), haiwezi kugusa mahudhurio. Kama kikundi kilikusudia ule usomaji mwingine, iandikwe "akitimiza mojawapo: (a) amemaliza deni la awali, au (b) ana wadhamini wawili na amehudhuria vikao vitatu vya mwisho". Uamuzi huo ni wa mkutano. Katibu asijichagulie maana moja kimyakimya wakati wa kusafisha lugha.

Dhana: Tatizo ni kukanusha mara mbili tu, sentensi yenye kanushi moja ni salama.

Ukweli: "Wajumbe wote wasipohudhuria, kikao kitaahirishwa." Kanushi ni moja, maana ni mbili: akikosekana hata mmoja, au asipofika yeyote. Neno "wote" likikaa jirani na kanushi, litoe uweke idadi: "Wakifika wajumbe chini ya 7, kikao kitaahirishwa."

Kwa upande mwingine, "asipewe fedha kabla hajasaini" ina kanushi mbili na haimchanganyi mtu, kwa kuwa "kabla haja-" ni mazoea ya Kiswahili. Hiyo iacheni. Ya kufumuliwa ni kama hii: "Asiyehudhuria kikao asipotoa taarifa hatakosa kutozwa faini." Iandikwe: "Atakayekosa kikao bila taarifa atalipa faini."