Mbps 20 kwenye tangazo, MB/s 2.4 kwenye kompyuta

"Nimelipia intaneti ya 20, mbona nikipakua faili naona 2.4 tu? Si wizi huu?"

Hapana, vipimo ndivyo vinavyotofautiana. Kampuni huuza kasi kwa megabiti kwa sekunde, Mbps, yenye b ndogo. Kivinjari huonyesha megabaiti kwa sekunde, MB/s, yenye B kubwa. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo 20 ukigawanya kwa 8 unapata 2.5. Kile kidogo kilichopungua ni gharama ya safari: data hukatwa vipande, na kila kipande hubeba anwani zake, ambazo hupita njiani lakini haziingii kwenye faili.

Mafundi wa mawasiliano wamezoea kuhesabu biti kwa kuwa ndizo zinazopita njiani moja baada ya nyingine, ilhali faili huhifadhiwa kwa baiti. Wauzaji nao hawajalalamika kupewa namba kubwa ya kutangaza.

Video ya MB 700 kwa kasi ya MB/s 2.5 huchukua sekunde 280, yaani dakika 4 na sekunde 40. Ukitaka kujua kama unapunjwa, zidisha unachokiona kwa 8. Namba 2.4 inakupa 19.2, hapo huna kesi. Ukiona 0.8, hiyo ni 6.4 tu. Kabla ya kupiga simu, unganisha kompyuta kwa kebo na upakue kutoka tovuti nyingine, maana waifai hafifu au seva iliyoelemewa huleta dalili hiyohiyo.