Je, wajua ngozi ya shingo hutoka wapi triko la kolruule likigeuzwa blauzi ya shingo wazi?

*Nilipiga foto ya dada yangu hapa Kadutu akiwa amevaa triko la kolruule, halafu nikamvalisha blauzi ya shingo ya duara kwa kompyuta. Blauzi imekaa vizuri, lakini shingo imekuwa kama ya sanamu ya dukani, na kola ya zamani bado inaonekana kama kivuli. Kompyuta inatoa wapi ngozi ambayo haikuiona, na kwa nini inaiharibu?*

Kwenye foto ile haitoi chochote, kwa sababu hakuna cha kutoa. Mahali pa shingo kamera iliona sufu tu. Ngozi inayotokea baadaye imebuniwa yote. Modeli, yaani programu iliyojifunza kuchora kutokana na foto, imekisia kwa kuangalia uso, mabega na mwanga, ikiongozwa na maelfu ya watu wengine iliowahi kuonyeshwa.

Ukitaka kujua kwa nini inakosea, angalia kwanza ilivyofundishwa. Ni vigumu kumpata mtu aliyepigwa foto mbili kwa mkao uleule, kwenye mwanga uleule, moja akiwa na kolruule na nyingine akiwa na shingo wazi. Kwa hiyo walimu wa modeli hizi hutumia njia ya mkato. Huchukua foto ya mtu, hufunika nguo aliyovaa kwa maski, yaani kiraka kinachofuta sehemu hiyo na kuacha shimo la kujazwa, kisha huipa modeli foto ya nguo hiyohiyo ikiwa peke yake na kuiambia: irudishe mwilini. Mkusanyo wa foto za mafunzo uitwao VITON-HD, wa mwaka 2021, ambao wengi huutumia, una jozi zaidi ya 13,000 za namna hiyo, kila foto ikiwa na pikseli 1024 kwa 768. Katika zoezi hilo nguo inayotoka ndiyo inayorudi. Aliyekuwa na kolruule anarudishiwa kolruule.

Hapo ndipo mtego ulipo. Kama maski imefuata ukingo wa nguo barabara, modeli hujifunza kwamba umbo la shimo ndilo jibu. Siku unapoipa shimo la kolruule na blauzi ya shingo ya duara, inavutwa pande mbili: blauzi inasema acha wazi, shimo linasema jaza mpaka kidevuni. Matokeo ni ngozi yenye umbo la kola. Mimi nimeiona mara nyingi, na alama yake haifichiki: shingo inakuwa nene kuliko kawaida, na ina mikunjo ya mduara mahali palepale ilipokuwa mikunjo ya sufu. Ukiangalia vizuri, ni triko lililopakwa rangi ya ngozi.

Tuchukue foto yako kama ulivyoieleza, tudhani triko ni jekundu, dirisha liko upande mmoja, na dada amegeuza kichwa kidogo.

Maski isiishie kwenye sufu. Ianze chini kidogo ya mstari wa taya, ishuke mpaka kifuani, na itoke nje ya mabega na pande zote mbili za shingo, ili isifuate tena umbo la kola. Triko zito hunenepesha shingo na mabega, hivyo mwili mpya lazima uwe mwembamba kuliko nguo ya zamani, na ukuta uliokuwa nyuma ya kola nao lazima ubuniwe. Lakini usipande juu ya taya. Ukila kidevu, modeli itakuchorea kidevu kingine, na utakuwa na mtu anayefanana na dada yako bila kuwa yeye.

Kivuli cha kola ya zamani kina chanzo kingine. Modeli hizi hufanya kazi kwa kuanza na picha iliyojaa chenga, kama televisheni isiyo na antena, kisha kuzisafisha hatua kwa hatua. Katika programu nyingi kuna kipimo kinachoitwa `strength`. Ukiweka 0.6 au 0.7, chenga hazifuniki kila kitu. Triko bado limo humo, na modeli inasafisha ikilifuata. Kwa kubadilisha rangi ya nguo hiyo inafaa. Kwa kuvumbua ngozi mahali palipokuwa na kitambaa, weka 1.0, ndani ya maski pasibaki kumbukumbu.

Sasa rangi. Wengi huona shingo ni nyeusi au nyeupe mno, wakapandisha au kushusha mwangaza, na mambo hayabadiliki. Pima kwa kuchagua sehemu moja ya shavu lenye mwanga na moja ya kifua kipya. Tuseme shavu linasoma nyekundu 142, kijani 96, bluu 72, na kifua 150, 104, 98. Mwangaza unakaribiana, lakini kwenye shavu bluu ni kama nusu ya nyekundu, na kifuani ni karibu theluthi mbili. Kifua kimeegemea waridi la kijivu. Ngozi ya mtu mmoja kwenye mwanga mmoja huweza kuwa na kivuli au kung'aa, lakini uwiano wa rangi haurukiruki hivyo. Jihadhari tu na uso wenye poda au krimu ya kung'arisha, maana hapo shavu litakudanganya. Pima sikio au mkono. Na kidevuni usipime kabisa: triko jekundu lilikirudishia wekundu wake, na wekundu huo sasa hauna sababu ya kuwepo. Upunguze kwa mkono.

Kinachofanya shingo iwe ya sanamu, hata rangi ikiwa sawa, ni mng'ao. Mwanga unaorudi juu kabisa ya ngozi, pale penye mafuta na jasho, hautegemei sana weusi wa ngozi. Unaoingia ndani na kurudi ndio unaopunguzwa na weusi. Kwa hiyo kwenye ngozi nyeusi mtulinga huonekana zaidi kwa mstari unaong'aa juu yake kuliko kwa kivuli cha chini yake. Watu wa VITON-HD wengi wao ni weupe, na modeli iliyokulia humo hupaka kivuli laini cha kahawia na kusahau mng'ao. Ngozi inakuwa kama udongo mkavu.

Mwisho angalia mifupa. Mitulinga huanzia pande mbili za kishimo cha chini ya koo na kwenda mabegani, ikipinda kama herufi S iliyolala. Kichwa kikigeukia kushoto, msuli unaotoka nyuma ya sikio la kulia ndio unaosimama. Bega likiinuka, mtulinga wa upande huo unainuka nalo. Modeli hupenda kuchora pande mbili zinazolingana kama fremu ya dirisha, na dada yako amegeuza kichwa. Na kivuli cha kidevu, ambacho zamani kiliangukia sufu, sasa kinatakiwa kiangukie shingo, upande ulio mbali na dirisha.

Kama una foto yake nyingine yenye shingo wazi, iweke kando ulinganishe. Ana alama ya kuzaliwa, kovu, au mikufu asiyoivua? Hayo modeli haitayajua hata maski ikiwa safi. Na mwonyeshe yeye kwanza kabla hujaituma popote. Ni mwili wake unaokisiwa, na yeye ndiye anayejua kama kifua kile kinafanana na chake.