Riba ya asilimia 2 inapokuwa ghali kuliko ya asilimia 3

Malalamiko mengi yanayofika mezani kwetu siku hizi yana sura moja. Mkopaji anakuja na mkataba uliokunjwa mara nne, anasema aliambiwa riba ni asilimia 2 kwa mwezi, na sasa anaona makato "hayaeleweki". Tukikaa naye kupiga hesabu, mara nyingi tunakuta mkopeshaji amekata kile kile alichoandika. Asilimia 2 ipo kwenye mkataba, na saini ya mkopaji ipo chini yake. Shida ni kwamba mkopaji hakuuliza hiyo asilimia 2 inakokotolewa juu ya nini.

Makala haya hayamlengi mtoa huduma yeyote, na riba ya fleti, ile inayokokotolewa juu ya mkopo wote wa mwanzo kila mwezi, yenyewe ni njia ya kukokotoa tu. Ila kuilinganisha na riba inayopungua, ile inayokokotolewa juu ya deni lililobaki, kwa kutazama tarakimu peke yake ni kujidanganya.

Tuchukue mkopo wa shilingi 1,200,000 wa miezi 12. Mkopeshaji wa kwanza anatoza asilimia 2 kwa mwezi, fleti. Maana yake riba inakokotolewa juu ya milioni moja na laki mbili mwanzo hadi mwisho: 24,000 kila mwezi, jumla 288,000. Rejesho linakuwa 124,000 kwa mwezi, yaani 100,000 ya mtaji na 24,000 ya riba.

Sasa tazama mwezi wa 12. Umeshalipa mtaji mara 11, na unachodaiwa ni 100,000 tu. Riba ya mwezi huo bado ni 24,000. Hiyo ni asilimia 24 ya fedha ulizobaki nazo, kwa mwezi mmoja. Mwezi wa kwanza ulilipa asilimia 2 kweli. Kuanzia wa pili umekuwa ukilipia fedha ambazo ulikwisha kuzirudisha.

Mkopeshaji wa pili anatoza asilimia 3 kwa mwezi, lakini juu ya deni lililobaki. Rejesho lake ni takriban 120,550, na riba ya mwaka mzima ni kama 246,650. Mwenye asilimia 3 ni nafuu kuliko mwenye asilimia 2 kwa zaidi ya 41,000. Wapo wanaobisha hata baada ya kuoneshwa karatasi. Tunawaomba waweke marejesho mawili sambamba: 124,000 na 120,550, mkopo ule ule, muda ule ule. Hapo hakuna cha kubishania.

Kipimo kinachoweka mikopo ya namna hii kwenye mizani moja ni kiwango cha gharama kwa mwaka, ambacho kwenye fomu na programu za simu huandikwa APR. Kinauliza swali moja: kwa fedha zilizofika mkononi mwako, na kwa marejesho utakayotoa kwa tarehe zake, unalipa asilimia ngapi kwa mwaka juu ya deni ulilonalo kila wakati? Marekani ililazimisha kipimo hiki kwa sheria ya mwaka 1968, na mabenki ya Kenya yalianza kukitumia mwaka 2014. Mkopo wetu wa fleti, ambao tangazo lingeuita asilimia 24 kwa mwaka, unatoka karibu asilimia 42. Wa asilimia 3 inayopungua unatoka 36. Kwa mkopo wa marejesho ya kila mwezi wa mwaka mmoja, kadiria kwamba fleti ni karibu mara mbili kasoro kidogo ya inavyosomeka.

Hapo hatujagusa ada. Tuseme mkopeshaji wa kwanza anakata asilimia 3 ya ada ya maombi na asilimia 1 ya bima kabla ya kukupa fedha. Kwenye mkataba umekopa 1,200,000, ila simu yako imepokea 1,152,000. Rejesho halijabadilika, ni 124,000 zile zile. Gharama kwa mwaka inapanda hadi kama asilimia 50. Ndiyo maana tunasisitiza kuulizia kiasi kitakachoingia mkononi, si kiasi cha mkataba. Mwenye jedwali la hesabu kwenye simu au kompyuta anaweza kujihakikishia:

```
=RATE(12,-124000,1152000)*12
```

Jibu ni takriban 0.50. Namba ya kwanza ni idadi ya miezi, ya pili ni rejesho likiwa na alama ya kutoa, ya tatu ni fedha ulizopokea. Angalizo: Umoja wa Ulaya hukokotoa kwa kuhesabu riba juu ya riba, na kwa njia hiyo mkopo huu huu ungefika kama 63. Zote ni sahihi, mradi usichanganye njia mbili katika ulinganisho mmoja.

Kuna mkopo ambao fleti haina ujanja wowote: ule unaorudishwa wote kwa mkupuo, kama wa mkulima anayelipa baada ya mavuno. Mtaji unakaa nao wote hadi siku ya mwisho, kwa hiyo ni halali kulipia riba ya wote.

Panapouma zaidi ni kumaliza mapema. Umelipa miezi sita, umepata fedha, unataka kufunga deni. Kwenye mkopo wa asilimia 3 inayopungua, deni lililobaki ni kama 653,000. Kwenye fleti, mkataba ukisema riba yote inadaiwa, utatakiwa kulipa marejesho sita yaliyosalia, 744,000, ikiwamo riba ya miezi ambayo hutakaa na fedha hizo. Hali hiyo hiyo inawakuta watumishi wanaoongeza mkopo juu ya mkopo: deni la zamani hufungwa na riba yake ambayo haijaiva, kisha riba mpya hutozwa juu ya jumla. Soma kifungu cha ulipaji wa mapema kabla ya kusaini. Kipo, na kwa kawaida ni kifupi.

Kwa upande wa taratibu hapa Tanzania, Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019 zinamtaka mtoa huduma aeleze gharama za mkopo kabla ya mkataba. Omba jedwali la marejesho lililochapishwa, likionesha mtaji, riba na deni lililobaki kwa kila mwezi. Safu ya riba ikiwa na tarakimu ile ile toka juu hadi chini, hiyo ni fleti, hata kama afisa mikopo ameiita jina jingine.

Ukiwa na lalamiko, anza kwa mtoa huduma mwenyewe, kwa maandishi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usiporidhika, taasisi za mikopo zisizopokea amana, yaani daraja la pili chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ziko chini ya Benki Kuu ya Tanzania. SACCOS nenda Tume ya Maendeleo ya Ushirika. VICOBA na vikundi vingine vya kijamii nenda halmashauri. Kuendesha biashara ya kukopesha bila leseni ni kosa la jinai, na adhabu yake ni pamoja na faini na kifungo, hivyo uliza leseni na usome jina lililoandikwa.

Lakini msimamizi hafuti deni kwa sababu mkopaji ameona riba ni kubwa baada ya kuzitumia fedha. Tunarudia hili kwa sababu tunaulizwa kila wiki. Kinachochunguzwa ni kama ulielezwa gharama, na kama ulichokatwa kinalingana na ulichosaini. Njoo na mkataba wote, si ukurasa wa saini pekee, pamoja na ujumbe wa simu unaoonesha kiasi kilichoingia siku ya kwanza.