Umelipia umeme, tokeni haijaja au mita imeikataa: dhana potofu na ukweli

Hela imekatwa kwenye simu, lakini namba za tokeni hazionekani. Au zimekuja vizuri tu, umezibonyeza zote, na mita imezikataa. Hapo ndipo kila jirani anakuwa fundi, na ushauri mwingi unaotolewa unatokana na imani moja isiyo ya kweli: kwamba mita inawasiliana na kampuni ya umeme.

Mita ya kawaida ya kulipia kabla haiwasiliani na mtu yeyote. Zipo mita za kizazi kipya zinazotuma na kupokea taarifa, lakini ile unayoibonyezea namba mwenyewe haijui kama umelipa, wala haijui kama tokeni yake imetoka. Kazi yake ni kufumbua tarakimu 20 ulizoibonyezea. Ndani ya tarakimu hizo kuna idadi ya yuniti, dakika ambayo tokeni ilitengenezwa, na alama ya kuhakiki kwamba hakuna tarakimu iliyobadilika. Vyote vimefichwa kwa ufunguo wa siri ambao ni wa mita yako peke yake. Utaratibu huu unaitwa STS na unatumika katika nchi nyingi, ndiyo maana matatizo yanafanana sana hata kama kampuni na mita ni tofauti.

Dhana: "Meseji haijaja, basi hela imeliwa. Nunua nyingine."

Malipo yako hupita mikono kadhaa. Huanzia kwa mtandao wa simu au benki, yakaenda kwa wakala wa kati anayeunganisha mitandao na kampuni za huduma, halafu yakafika kwenye mashine ya kampuni ya umeme inayotengeneza tokeni. Jibu hurudi kwa njia hiyo hiyo. Meseji isipofika, kuna mambo mawili yanayowezekana, nayo hayatibiwi kwa dawa moja.

La kwanza ni kwamba malipo yalikwama njiani na tokeni haikutengenezwa kabisa. La pili ni kwamba tokeni ilitengenezwa, ikasajiliwa kwa namba ya mita yako, ila jibu ndilo lililopotea wakati wa kurudi. Swali la kuuliza kampuni ya umeme ni fupi: tokeni ya mwisho iliyotoka kwa mita namba fulani ni ya saa ngapi na ya kiasi gani? Saa na kiasi vikilingana na malipo yako, tokeni ipo, na unachohitaji ni kutumiwa tena zile zile tarakimu. Ikiwa hawana kitu cha saa hiyo, hela iko kwa aliyekukata, na huko ndiko pa kupeleka namba ya muamala. Watu wengi huzungushwa siku nzima kwa sababu wameanza na ofisi isiyohusika.

Kunywa maji kwanza, kwa hiyo, kabla ya kulipa mara ya pili. Na kama umeshalipa tena, hujapoteza. Tokeni ya pili haifuti ya kwanza. Ile iliyochelewa ikifika kesho yake utaiingiza na yuniti zake zitaongezwa juu ya zilizopo. Wala si lazima uanze na ya zamani ndipo uingize mpya. Mita huzikubali hata ukizipindua, mradi zimetoka kwa ufunguo ule ule. Huo ufunguo tutaurudia.

Kitu kigumu kukipata ni kurudishiwa hela baada ya tokeni kutengenezwa. Si ubishi wa mhudumu tu. Kwa kuwa mita haitoi taarifa, kampuni haina namna ya kujua kutoka mbali kama umeshaibonyeza tokeni au hujaibonyeza. Ndiyo maana ombi la "nitumieni tena namba" hupita haraka kuliko "nirudishieni hela".

Dhana: "Mtu ameiona tokeni yangu akaitumia kwake."

Haiwezekani. Mita ya jirani ina ufunguo wake, na kwake namba zako ni takataka. Mtu akizibonyeza kwenye mita yako atakuwa amekuongezea umeme wewe.

Kinachotokea kweli ni kununua kwa namba ya mita isiyo yako. Tarakimu ya mwisho ya namba ya mita hukokotolewa kutokana na zile zilizotangulia, kwa hiyo ukikosea tarakimu moja mfumo hukataa papo hapo. Lakini ukichagua namba iliyohifadhiwa kwenye simu tangu ulipokuwa nyumba nyingine, hiyo ni namba halali na malipo yatapita bila kusitasita. Mita ikikataa tokeni, soma namba ya mita iliyoandikwa kwenye meseji uilinganishe na iliyochapwa kwenye uso wa mita. Usiilinganishe na iliyo kichwani.

Dhana: "Mita ikikataa, endelea kujaribu, mwisho itakubali."

Kujaribu tena mara moja kwa utulivu ni sawa, kwa sababu kubonyeza tarakimu 20 gizani ni rahisi kukosea. Tena usiogope kwamba ukikosea moja utapewa yuniti pungufu: ile alama ya kuhakiki haitalingana na mita itakataa namba nzima. Ila ukishahakikisha kila tarakimu, kurudia mara kumi hakubadilishi kitu, na baadhi ya mita hujifunga kwa muda zikiona majaribio mengi yaliyoshindwa.

Tazama badala yake mita inakujibu nini. Maneno na vifupisho hutofautiana kwa kila mtengenezaji, lakini maana zake ni chache. `Used` inamaanisha tokeni hii imeshaingia. Hapo ulizia watu wa nyumbani kabla ya kupiga simu popote, kwa sababu mara nyingi kuna aliyeibonyeza wakati wewe uko kazini. `Old` inamaanisha tokeni imezeeka: mita hukumbuka tokeni 50 hivi za mwisho, na inayotangulia zote zilizo kwenye kumbukumbu yake hukataliwa. `Reject` ya moja kwa moja, kwa namba uliyoihakiki na mita ambayo ni yako kweli, hunifanya nishuku ufunguo.

Kama unatumia rimoti ya ndani huku mita iko kwenye nguzo, kuna kizuizi kingine kisichohusu tokeni kabisa. Rimoti isiyopata mawasiliano na mita haitapitisha namba yoyote, hata iwe sahihi namna gani. Angalia betri, na ijaribu kwenye soketi nyingine au karibu zaidi na mita.

Dhana: "Tokeni haiozi, unaweza kuiweka mpaka utakapoihitaji."

Hii ni nusu kweli, na nusu yake mbaya ndiyo iliyowaumiza wengi. Awali tokeni iliandikwa dakika yake kwa kuhesabu kuanzia tarehe 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo inatosha dakika 16,777,216, ambazo ni pungufu kidogo ya miaka 32. Zilikwisha tarehe 24 Novemba 2024. Ili mita ziendelee kupokea tokeni baada ya siku hiyo, ilibidi kila moja iliyokuwa kwenye hesabu hiyo ibadilishiwe ufunguo na kuanzishiwa hesabu mpya, inayoanzia mwaka 2014. Mita ambayo haikubadilishwa, iwe ilikuwa kwenye nyumba iliyofungwa au mwenyewe hakuona haja, inakataa kila tokeni mpya. Hakuna udanganyifu hapo, na mita si mbovu. Ufunguo unaweza kubadilishwa kwa sababu nyingine pia, kwa mfano mteja anapohamishwa kundi la bei.

Tuseme mpangaji amelipia umeme wa yuniti 30, akaziweka akiba bila kuziingiza kwa kuwa mita bado ilikuwa na yuniti za kutosha. Wiki mbili baadaye, mita ikiwa imebakiwa na yuniti 12, ananunua tena, safari hii yuniti 40, na meseji inakuja na mafungu matatu ya tarakimu 20 badala ya moja. Anadhani ni kosa, anabonyeza fungu la tatu kwa sababu ndilo lililoandikwa yuniti. Mita inakataa. Anabonyeza la kwanza, mita inaonyesha kama inasubiri kitu. Anarudi la tatu, inakataa tena.

Mafungu mawili ya kwanza hayana yuniti hata moja. Kila moja limebeba nusu ya ufunguo mpya, na mita haibadiliki mpaka nusu zote mbili ziingie, moja ikifuata nyingine bila kukawia. Baadhi ya mita zenye ufunguo mrefu huhitaji zaidi ya mafungu mawili. Akibonyeza la kwanza, la pili, kisha la tatu kwa mpangilio alioletewa, mita itasoma 52: zile 12 zilizokuwemo na 40 mpya.

Lakini zile 30 za akiba? Zilifichwa kwa ufunguo wa zamani, na mita sasa ina mpya. Hazitaingia tena. Kama angezibonyeza kwanza, kabla ya mafungu ya ufunguo, angekuwa na 82. Kwa kuwa zimeshakwama, njia iliyobaki ni kupeleka risiti kwa kampuni ya umeme na kuomba tokeni hiyo itolewe upya kwa ufunguo wa sasa, na kila kampuni ina masharti yake kuhusu hilo. Hali ni hiyo hiyo mita ikibadilishwa kwa kuharibika: tokeni ambayo hukuiingiza imekufa pamoja na mita ya zamani, ingawa kiasi chake kipo kwenye kumbukumbu za mauzo.

Dhana: "Ukiingiza zile namba za ziada, yuniti zako zinafutwa."

Uvumi huu ndio uliowafanya baadhi ya watu kuzikwepa namba hizo kwa miezi. Mafungu ya ufunguo hayagusi yuniti. Kinachofutwa mita inapoanzishiwa hesabu mpya ni ile orodha ya tokeni zilizopita, ambayo mteja haitumii kwa lolote. Usipoamini, andika salio lako kabla ya kuanza na ulisome tena baada ya fungu la pili, kabla ya kuingiza yuniti mpya. Yakitofautiana kwa kitu, ni kile kidogo friji ilichokula wakati unabonyeza.

Ikiwa umefanya yote haya kwa mpangilio na mita bado inakataa hata mafungu ya ufunguo, basi kumbukumbu za ofisini kuhusu ufunguo wa mita yako hazifanani na zilizomo kwenye mita yenyewe. Hilo halitengenezeki kwa kubonyeza. Waambie namba ya mita, neno lililotokea kwenye kioo, na kama namba za kubadili ufunguo ziliwahi kuingizwa zamani; kwa taarifa hizo tatu wanaweza kukutolea mafungu mengine au kumtuma fundi.