Kabla hujapiga plasta ya kuzuia maji, fuata bomba la paa mpaka linapoishia

Juzi nimeitwa tena, safari hii Shantytown hapa Moshi, na kabla sijashusha hata ngazi nikaambiwa: "Fundi, ukuta unapandisha maji toka chini. Aliyekuja kabla yako amesema tubandue plasta yote hii mpaka mita moja na nusu, tupige ya simenti yenye dawa ya kuzuia maji." Maneno hayo nayasikia kila masika yakiisha, Moshi na Arusha, na mwenye nyumba anakuwa tayari ameshanunua mifuko ya simenti. Mama huyu naye alikuwa ameshanunua. Nikamwomba asimruhusu mtu kugusa ukuta kwanza.

Sikatai kwamba maji hupanda kutoka ardhini. Kuta nyingi za zamani huku kwetu ni mawe ya volkano yaliyoungwa kwa udongo au chokaa, na nyingi hazikuwekewa kitu cha kukata unyevu juu ya msingi. Lakini unyevu wa kupanda una tabia zake. Huacha ukanda unaokaribiana kimo ukuta mzima, mara nyingi chini ya mita moja, na hauchagui kona: kuta za ndani zinazogawa vyumba nazo zinao, kwa sababu zimesimama juu ya udongo uleule. Mvua moja ikinyesha hauongezeki kwa macho.

Kwa mama huyu hali ilikuwa tofauti kabisa. Kona moja tu ya nyuma ndiyo iliyolowa, doa limezidi kimo cha mlango, na kwa maelezo yake linakolea siku moja au mbili baada ya mvua kubwa halafu linapauka. Ukuta wa ndani unaoanzia kwenye kona hiyohiyo ni mkavu. Unyevu unaofuata mvua kwa namna hiyo umetoka paani.

Watu hudharau maji ya paa kwa sababu hawajawahi kuyapima. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Upande wa nyuma wa nyumba hii una mabati ya urefu wa mita 12 na kina cha mita 5, yaani mita 60 za mraba. Mvua ya Aprili ikimwaga milimita 40 kwa mchana mmoja, upande huo peke yake umeteremsha lita 2,400, na zote zinaingia kwenye gata moja na kushuka kwa bomba moja lililoshikamana na kona moja. Sehemu ndogo tu ya maji hayo ikikosa njia, ukuta unalowa kuliko ardhi yoyote inavyoweza kuulowesha.

Sasa kinachoniudhi. Nikishamshawishi mtu kwamba tatizo ni maji ya paa, anampandisha kijana juu, gata linazolewa majani, na kazi inahesabiwa imekwisha. Kusafisha gata ni lazima, hasa penye mijakaranda, maana vijani vyake ni vidogo vinapita kwenye wavu wowote na vikilowa vinashikana kuwa tope. Lakini gata la nyumba hii lilikuwa safi. Lilisafishwa kabla ya masika, na ukuta ukalowa vilevile.

Njia ya maji ya mvua ni moja, kutoka bati hadi pale yanapoachiwa mbali na nyumba, na sehemu ambayo haitazamwi kabisa ni mguu wa bomba. Katika nyumba hizi bomba la chuma linashuka, linapinda chini, linaingia ardhini na kupeleka maji kwenye mfereji au shimo la kunyonya. Humo ndimo udongo, vijani na mizizi hukusanyika miaka nenda rudi.

Mguu ukiziba, maji hujaa ndani ya bomba na kuanza kupanda. Mabomba ya zamani yameungwa kwa kuchomeka: kipande cha juu kinaingia ndani ya kikombe cha kipande cha chini, mara nyingi bila kuzibwa. Maji yakishuka, kiungo hicho hakivuji hata tone. Bomba likijaa, yanafurika kwenye ukingo wa kikombe, na kwa kawaida hapohapo ndipo penye kishikizo kilichopigiliwa ukutani. Maji yanafuata kile chuma mpaka ndani ya mawe. Ndiyo maana doa linaweza kuwa mita mbili juu na kizibo kikawa chini ya ardhi. Mtu anayetafuta tatizo palipolowa hawezi kulipata.

Pale kona nilipitisha mkono nyuma ya bomba, kati ya chuma na ukuta, ambako palikuwa na nafasi ya kidole kimoja tu. Mbele bomba lilikuwa na rangi nzuri ya kijani. Nyuma vidole vilirudi na kutu laini kama unga wa kahawa, na chini ya kiungo cha pili niliweza kugusa ufa uliofuata mshono wa bomba. Brashi ya rangi haijawahi kufika huko tangu bomba lifungwe. Ukichunguza bomba la zamani, beba kioo kidogo na tochi, uangalie mgongo wake. Mbele hapakuambii chochote. Bomba jipya nalo lifungwe likiwa limeachana na ukuta walau sentimita 3, ili brashi ipite na mvujo uonekane.

Jaribio lenyewe ni rahisi, ila mpangilio wake ndio wenye maana. Anza chini, siku kavu. Tuliingiza mpira wa maji kwenye mguu, pale bomba linapoingia ardhini, tukafungulia taratibu. Baada ya muda mfupi maji yakarudi juu na kutandaa kwenye msingi, wakati kwenye mfereji wa uani halikutoka hata tone. Hapo jibu limepatikana bila mtu kupanda ngazi. Tulipomimina maji kutoka kwenye gata, kiungo cha chini kikaanza kutoa, kisha cha pili. Ukianza juu, kila kitu kinalowa kwa pamoja na hutajua kipi kimesababisha kipi.

Tulichimba. Bomba la chini lilikuwa limejaa udongo na mizizi, na mdomo wake haukuwepo tena: ulifunikwa uwanja ulipotandikwa vitofali vya peving. Peving hiyo ilileta balaa la pili. Ilipandisha uwanja karibu sentimita 15 juu ya ardhi ya zamani na inateremka kuelekea nyumba, kwa hiyo hata maji yasiyopita kwenye gata yalikuwa yanakimbilia ukutani. Peving nyingi ninazokuta kwenye nyumba za zamani zimewekwa hivyo, kwa sababu anayetandika anafuata usawa wa geti, wala haangalii ukuta uko wapi.

Tulichofanya ni hiki. Tumeondoa peving upande wa kona, tukashusha uwanja mpaka chini ya usawa wa sakafu ya ndani, tukautandika upya ukiteremka sentimita 2 kwa kila mita kutoka ukutani. Bomba tumelibadilisha kwa la inchi 4, kwa sababu la inchi 3 ni dogo kwa paa la ukubwa huo. Mguu hatukuuzika tena moja kwa moja. Tumeuacha unamwaga juu ya kisanduku cha zege chenye wavu, kukiwa na mwanya unaoonekana kati ya bomba na wavu, na kutoka hapo maji yanaenda mferejini. Siku njia ya chini ikiziba, maji yatatapakaa uwanjani na mama atayaona, badala ya kupanda kimyakimya ndani ya bomba.

Gata tulilirekebisha kidogo. Mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita 3 unatosha, na ukingo wa nje uwe chini kidogo kuliko ule wa ndani. Iko siku gata litafurika, hakuna lisilofurika. Ukingo wa nje ukiwa chini, maji yanaangukia uwanjani. Ukingo wa ndani ukiwa chini, yanaingia kwenye ubao na kichwa cha ukuta.

Kuhusu mtaro wa kokoto kando ya msingi, naupenda kwa sharti moja: uwe na pa kutolea maji. Mtaro wa kokoto usio na njia ya kutokea ni bwawa ulilolichimba mwenyewe kwenye msingi. Shimo la kunyonya nalo liwe mbali, mita 5 au zaidi, na kabla hujalitegemea chimba kashimo, ujaze maji, uone yanaisha kwa muda gani. Hata hivyo katikati ya masika, udongo ukishashiba, siamini mashimo haya kwa moyo wote. Palipo na mteremko wa kupeleka maji mferejini, nachagua mfereji.

Turudi kwenye ile plasta, kwa sababu mifuko bado iko stoo na mama ananiuliza atafanya nayo nini. Ukuta wa mawe na chokaa hukauka kwa kupumulia usoni. Plasta ya simenti yenye dawa hufunga uso huo. Maji yaliyomo hayaondoki kwa kufungiwa. Yanatafuta pengine pa kutokea, na mahali hapo ni juu ya plasta ilipoishia au upande wa ndani chumbani. Mwaka wa kwanza ukuta unaonekana umepona, kila mtu anafurahi. Kisha doa linatokea mita mbili badala ya moja, na anaitwa fundi mwingine kupandisha plasta mpaka huko. Nimebandua plasta za namna hiyo zilizopigwa moja juu ya nyingine, na nyuma yake udongo wa kati ya mawe ulikuwa unakwanguka kwa ukucha.

Kwa hiyo tumebandua simenti ya zamani kwenye kona na kuuacha ukuta wazi. Utakauka lini, sijui kwa uhakika. Wajenzi wana kanuni ya mwezi mmoja kwa kila inchi moja ya unene. Ukuta huu una sentimita 45, basi ni kama mwaka na nusu. Nimeona kuta zilizowahi na nyingine zilizochelewa sana, kwa hiyo naichukua kanuni hiyo kama makisio tu. Vile vipimo vya unyevu vya kuchomeka pini navyo nimeviacha kwa ukuta wa aina hii: chumvi ikiwepo, kifaa kinasoma unyevu hata pasipo na maji.

Na chumvi ipo. Unga mweupe umeshaanza kutoka usoni pa mawe, jambo linaloonyesha kwamba maji yanatoka. Nimemwelekeza mama aufagie kwa brashi kavu kila unapotokea, asiuoshe kwa maji, maana ukiuosha unairudisha chumvi ndani. Plasta ya chokaa tutapiga baada ya masika yajayo, ikiwa doa halitakolea mvua zikinyesha. Likikolea, tutachimba tena upande wa pili wa kona, ambako kuna bomba la jikoni sijalifuata mpaka mwisho. Simenti ataitumia kwenye banda la kuku.