Maji ya mapipa mawili na joto la kitalu nyumba: dhana potofu na ukweli wake

Ikifika Juni na upepo wa kipupwe ukaanza kuvuma Dodoma, lawama huwa ni ile ile: "Mtaalamu, nimeweka mapipa mawili ya maji kwenye kitalu nyumba kama nilivyoona kwenye video, mbona nyanya bado zinapukutisha maua?" Mapipa hayana kosa. Kwa ujazo ule ule, maji hutunza joto kuliko mawe, matofali au udongo mkavu, na usiku hulirudisha bila kuni wala umeme. Kosa liko kwenye hesabu, na hesabu hiyo karibu kila mtu anairuka.

Dhana: "Mapipa mawili matatu yanatosha kitalu kizima"

Hii ndiyo inayochosha kuliko zote, kwa hiyo tuikalie.

Chukua pipa la kawaida la lita 200. Mchana linapata joto, usiku linapoa. Kwa kuwa maji yake ni mengi na uso wake ni mdogo, halipandi wala kushuka haraka. Kati ya jioni na alfajiri tarajia lishuke nyuzi 6 hivi, hata kama hewa ya kitalu imeyumba nyuzi 20. Lita 200 zikishuka nyuzi 6 hutoa joto sawa na uniti 1.4 za umeme, zile zile unazonunua za LUKU. Gawanya kwa saa 12 za usiku, unapata wati 116. Kwa maneno mengine, pipa moja ni sawa na balbu moja ya zamani ya wati 100 iliyowashwa usiku kucha, na chenji kidogo.

Sasa tazama upande wa pili. Kitalu cha mita 8 kwa 15, ukijumlisha nailoni ya paa na kuta zote, kina mita za mraba 260 hivi za kupotezea joto. Nailoni ya tabaka moja hupitisha takribani wati 6 kwa kila mita ya mraba, kwa kila nyuzi moja ambayo ndani kumezidi nje. Zidisha: wati 1,500 na ushei kwa nyuzi moja tu, na hapo hatujahesabu upepo unaopenya kwenye matundu. Mapipa mawili yanatoa wati 230. Yataongeza nyuzi 0.15. Kipimajoto ulichonunua dukani hakiwezi hata kuliona ongezeko hilo, sembuse nyanya.

Ukitaka nyuzi 3, na kwa Dodoma nyuzi 3 ndizo za maana kwa sababu usiku wa Julai hushuka hadi 13 au 14 na siku mbaya chini yake, unahitaji wati 4,500. Hayo ni mapipa 40 hivi. Ni lita 8,000 za maji, ni ukuta wa mita 23 wa mapipa yaliyobanana. Inawezekana, na wapo wanaoona inalipa kwa pilipili hoho. Lakini usiniambie mapipa mawili.

Kuna jambo jingine linalowavunja moyo watu. Nailoni ya kawaida huacha joto la udongo na mimea lipae moja kwa moja kuelekea angani, na anga la kiangazi la Dodoma ni kavu na jeupe, halirudishi kitu. Usiku uliotulia, kitalu kitupu chenye nailoni ya namna hiyo kinaweza kuwa na baridi kidogo kuliko nje. Kwa hiyo sehemu ya kazi ya mapipa ni kukurudisha tu pale walipo majirani waliopanda nje.

Basi maji ya mapipa mawili yafanye kazi gani?

Yapeleke kwenye miche. Hapa hesabu inageuka kabisa, kwa sababu kinachopashwa ni kidogo.

Chukua tuta la miche la mita 6, ndani ya kitalu hicho hicho. Liwekee matao yenye upana wa mita 1.3 chini na kimo cha sentimita 80, kisha funika kwa nailoni jioni. Kihema hicho kina mita za mraba 15 tu za kupotezea joto, yaani wati 90 kwa kila nyuzi moja. Usitumie mapipa, tumia madumu 20 ya lita 20, yale ya mafuta ya kula. Dumu lina upana wa sentimita 30 hivi, kwa hiyo 20 yanakaa kwa mstari mmoja wa mita 6 bila kubaki nafasi. Maji ni lita 400, yale yale ya mapipa mawili.

Tofauti iko kwenye uso. Madumu kumi yana maji ya pipa moja, lakini eneo linalogusa hewa na jua ni zaidi ya mara mbili ya lile la pipa. Yanashika joto haraka na kulitoa haraka, hivyo tarajia yashuke nyuzi 8 usiku. Lita 400 kwa nyuzi 8 ni uniti 3.7, sawa na wati 310 usiku kucha. Gawanya kwa 90: kihema kinabaki juu ya hewa ya kitalu kwa nyuzi 3 na kitu. Maji ni yale yale, ila yale ya kwanza yalipotelea kwenye nailoni na haya yamefika kwenye mche.

Sharti lake ni nidhamu ya kufungua na kufunga. Saa 2 asubuhi funua kihema, la sivyo jua la Dodoma litapika miche kabla ya saa 5, kipupwe au si kipupwe. Madumu yabaki wazi yapigwe na jua mchana kutwa. Saa 10 na nusu jioni funika tena, kabla hewa haijaanza kupoa, na nailoni ifike chini na kukandamizwa kwa udongo pande zote. Anayefunika saa 1 usiku anafungia baridi.

Dhana: "Panga mapipa ukuta wa kaskazini"

Ushauri huu ni sahihi kwa Ulaya na Marekani, ambako jua la majira ya baridi hukaa kusini. Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la saa 6 mchana linakaa kaskazini, nyuzi 30 hivi kutoka utosini. Ukipanga mapipa ukuta wa kaskazini, jua litapiga mgongo wake wa nje na yenyewe yataitia mimea kivuli. Panga upande wa kusini, uso uliopakwa rangi nyeusi utazame kaskazini. Hata tuta la miche liwe na madumu upande wake wa kusini.

Dhana: "Kikubwa ni rangi nyeusi"

Rangi nyeusi inasaidia pale tu jua linapoigusa. Pipa jeusi lililojificha nyuma ya nyanya zilizofika kwenye waya ni pipa la kivulini, litapata joto la hewa tu. Paka upande unaotazama jua basi, na kama ni plastiki piga msasa kwanza, maana rangi hubanduka vipande vipande ndani ya msimu mmoja. Na tafadhali, chuma au plastiki si hoja. Ukuta wa pipa ni mwembamba sana kuzuia joto. Kinachochelewesha ni hewa inayolizunguka.

Dhana: "Liache wazi, mvuke wake ni joto"

Funika. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huondoka na joto sawa na theluthi mbili ya uniti. Zikipotea lita 2, umeshapoteza karibu akiba yote ya usiku ya pipa hilo. Mvuke huo unakwenda kuganda kama matone kwenye nailoni, joto linatoka nje, matone yanadondokea majani, na bakajani chelewa anapata makazi. Mbu nao wanazaliana humo. Jaza karibu na mdomo, acha sentimita chache za maji kutanuka, kaza kifuniko.

Dhana: "Pipa hilo hilo linamwagilia"

Ukilifungulia jioni matone yakanywesha mimea, umetoa akiba nje ya pipa saa ile ile inapohitajika. Ukilijaza jioni kwa maji baridi, ni hivyo hivyo. Maji ya kutunza joto hujazwa mara moja, yanakaa. Hapa kisima chako chenye chumvi, kinachounguza mboga, kinapata kazi: kwa joto, chumvi kiasi hicho haina madhara. Tumia plastiki tu, chuma kitatoboka kwa kutu.

Na tangi moja la lita 5,000 kwenye kona halichukui nafasi ya mapipa 25. Maji ni sawa, lakini uso wake ni kama theluthi moja tu. Asubuhi utalikuta bado na joto lake tumboni huku mimea imekunjamana kwa baridi.

Dhana: "Kitalu changu kina wavu, hewa safi, na mapipa yanafanya kazi"

Hayafanyi. Vitalu vingi vya huku vina kuta za wavu wa wadudu, na ni sawa kwa mchana wetu. Lakini usiku, wavu bila pazia la nailoni ni mlango wazi. Upepo wa kipupwe utabadilisha hewa yote ya ndani mara nyingi kabla pipa halijatoa hata robo ya joto lake. Shusha mapazia jioni, pandisha asubuhi unyevu utoke. Kama huna mapazia, fedha ya mapipa iende huko kwanza, halafu tuzungumze.

Kujua kama mfumo wako unafanya kazi, unahitaji vipimajoto viwili: kimoja kwenye kimo cha mimea, kivulini, kingine ukikitumbukiza katikati ya pipa. Soma saa 12 jioni na saa 12 asubuhi, kwa siku tatu. Maji yakiwa yameshuka kwa pungufu ya nyuzi 3 tangu jioni, angalia usomaji wa jioni. Kama jioni yalikuwa karibu sawa na hewa ya alfajiri, hayakushika joto mchana: kivuli, au upande mbaya. Kama jioni yalikuwa moto na asubuhi bado ni moto, chombo ni kikubwa mno au vyombo vimebanana, hewa haipiti; vitenganishe kwa upana wa kiganja. Na kama maji yamepoa nyuzi 6 au 8 lakini hewa ya mimea ni sawa na ya nje, mapipa yamefanya kazi yake. Tembea na mkono wako kando ya nailoni uone upepo unaingilia wapi.